Kuingia kwa kidole: jinsi ya kupima makosa ya mfumo na kujipanga kabla alama hazijavuja

Mtumiaji anayeweka kidole kwenye kisomaji huona jibu la aina mbili tu, ama amekubaliwa ama amekataliwa. Ndani ya mfumo hakuna jibu la namna hiyo. Kuna pointi, yaani nambari inayoonyesha kidole kilichowekwa sasa kinafanana kwa kiasi gani na kile kilichosajiliwa, na kuna kizingiti ambacho mtu fulani alikipanga. Pointi zikifika kizingiti, mlango unafunguka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayepaswa kukipanga kizingiti hicho, au kumwuliza fundi aliyekipanga kwa nini alikiweka pale kilipo, na baada ya hapo kuamua alama za vidole zihifadhiwe wapi ili siku zikivuja kazi isisimame.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuchukue kliniki ya kufikirika yenye wafanyakazi 240 wanaotumia kompyuta za pamoja kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Uongozi umechoshwa na nywila zinazoandikwa kwenye vikaratasi na kubandikwa pembeni mwa skrini, na umenunua visomaji vya alama za vidole.

Hatua ya kwanza: fahamu ni nini hasa kinacholinganishwa

Kisomaji huchukua picha ya mistari ya ngozi, kisha programu hutafuta mahali ambapo mstari unakatika na mahali ambapo mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili. Kila mahali pa aina hiyo huandikwa kwa nambari chache: umbali wake kwa mlalo, umbali wake kwa wima, na mwelekeo wa mstari. Orodha ya nambari hizo ndiyo huitwa kiolezo, na katika mifumo mingi ndiyo inayohifadhiwa badala ya picha yenyewe.

Asubuhi inayofuata mtu yuleyule anaweka kidole kilekile, lakini amekigeuza kidogo, amekandamiza zaidi, na ngozi ni kavu kuliko jana. Kati ya sehemu 40 zilizosajiliwa, huenda 25 zikaonekana tena, nyingine zikawa nje ya kioo cha kisomaji, na tatu mpya zikazuka kwa sababu ya uchafu au mkwaruzo. Programu inazungusha na kusogeza orodha moja juu ya nyingine hadi zilingane kwa kadiri inavyowezekana, kisha inatoa pointi. Mtu mmoja hapati pointi zilezile mara mbili mfululizo. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha karibu kila kitu kitakachofuata, pamoja na ugumu wa kuzilinda alama zilizohifadhiwa.

Kwa kuwa pointi za mwenye kidole hupanda na kushuka, na pointi za watu wengine nazo hupanda na kushuka, makundi haya mawili hugusana kwenye kingo zake. Ukishusha kizingiti, baadhi ya watu wasio wenyewe watakubaliwa. Hilo ni kosa la kukubali, na kiwango chake huandikwa FAR katika karatasi za maelezo ya bidhaa. Ukipandisha kizingiti, baadhi ya wenyewe watakataliwa. Hilo ni kosa la kukataa, na kiwango chake huandikwa FRR. Kwa kisomaji kilekile na watu walewale, kizingiti hakipunguzi makosa yote mawili kwa pamoja. Kinachofanya ni kuhamisha makosa kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa sababu hiyo, muuzaji anayesema kwamba kifaa chake kina usahihi wa asilimia 99.9 hajasema kitu. Mwulize: kwa kizingiti gani, FAR ni ngapi, na kwa kizingiti hichohicho FRR ni ngapi? Nambari hizi mbili zisipotajwa pamoja, hazina maana. Baadhi ya wauzaji hutaja kiwango kimoja tu, kile ambacho makosa yote mawili yanalingana. Kiwango hicho kinafaa kwa kulinganisha visomaji viwili, lakini hakifai kufanyia kazi: mfumo ambao makosa yote mawili ni asilimia 1 utamkataa mwenyewe mara 1 kati ya 100, usumbufu unaovumilika, na utamkubali mgeni mara 1 kati ya 100, jambo ambalo halivumiliki hata kidogo.

Ili kupata kipimo cha kulinganishia, Apple hueleza kwamba uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kufungua simu kwa Touch ID ni 1 kati ya 50,000 pale kidole kimoja kinaposajiliwa. Android nayo hudai kisomaji cha simu kisizidi kiwango hichohicho, yaani asilimia 0.002. Ukisajili vidole vitano badala ya kimoja, uwezekano kwa Touch ID unakuwa 1 kati ya 10,000, kwa sababu mgeni sasa anajaribiwa dhidi ya violezo vitano. Usajili wa vidole vingi una gharama yake, ingawa skrini ya usajili haiitaji.

Hatua ya pili: pima mwenyewe, na ujue kipi hutaweza kukipima

Kabla ya kusajili wafanyakazi wote 240, chagua 40 wanaowakilisha kazi mbalimbali. Usichague wa ofisini pekee. Wafua nguo, wasafishaji na wauguzi wanaonawa mikono kwa dawa mara nyingi kwa siku wana ngozi tofauti na ya mhasibu, na hao ndio watakaokataliwa. Wazee pia huwa na mistari iliyofifia. Msajili kila mmoja kidole kimoja, kisha mwombe aweke kidole hicho mara kumi, lakini kwa siku tofauti na nyakati tofauti. Majaribio kumi yaliyofanywa kwa mkupuo mmoja mara tu baada ya usajili yatakupa matokeo mazuri mno, maana ngozi bado iko katika hali ileile na mkono bado unakumbuka jinsi ulivyokaa.

Utakuwa na majaribio 400 ya wenyewe. Ukilinganisha pia kidole cha kila mtu na kiolezo cha kila mmoja wa wenzake 39, utakuwa na ulinganisho 1,560 wa watu wasio wenyewe. Ikiwa programu inaonyesha pointi, hifadhi pointi zote kisha ujaribu vizingiti mbalimbali kwenye jedwali. Hakuna haja ya kuwaita watu tena. Ikiwa inaonyesha ngazi tu, kwa mfano 1 hadi 5, itabidi urudie zoezi kwa kila ngazi unayotaka kuifikiria.

Tuseme katika kliniki yetu matokeo yamekuwa hivi. Kwa kizingiti cha 40, wenyewe 6 kati ya majaribio 400 walikataliwa, sawa na asilimia 1.5, lakini wasio wenyewe 9 kati ya 1,560 walikubaliwa, karibu asilimia 0.6. Kwa kizingiti cha 50, waliokataliwa walikuwa 14, sawa na asilimia 3.5, na aliyekubaliwa isivyostahili alikuwa mmoja tu. Kwa kizingiti cha 60, waliokataliwa walifika 37, zaidi ya asilimia 9, na hakukuwa na aliyekubaliwa isivyostahili hata mmoja.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaona sifuri kwenye kizingiti cha 60 na kuandika katika ripoti kwamba FAR ni sifuri. Kanuni inayotumiwa na wapimaji ni kwamba ukifanya majaribio N bila kuona kosa lolote, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango halisi hakizidi 3 kugawanya kwa N:

```
3 / 1560 = 0.0019
```

Hiyo ni takriban 1 kati ya 520, umbali mkubwa sana kutoka 1 kati ya 50,000. Ili kuthibitisha kiwango hicho cha pili ungehitaji majaribio 150,000 yasiyo na kosa hata moja, na hata hayo yangepaswa kuwa huru, ilhali ulinganisho wetu 1,560 unatokana na watu 40 walewale wanaorudiwarudiwa. Kwa maneno mengine, kosa la kukataa unaweza kulipima mwenyewe kwa wiki mbili, lakini kosa la kukubali huwezi kulipima kwa undani unaohitajika. Kwa hilo, omba ripoti ya maabara huru, na usome ilipima vidole vingapi vya watu wangapi. Jaribio lako la ndani linabaki na kazi moja muhimu: likionyesha makosa mengi ya kukubali, kama yale 9 ya kizingiti cha 40, basi dai la muuzaji limevunjika papo hapo.

Sasa rudi kwenye wale 14 waliokataliwa kwa kizingiti cha 50 na uangalie ni akina nani. Tuseme mara 9 kati ya hizo 14 ni za watu wawili tu, msafishaji na muuguzi, ambao kwa pamoja walijaribu mara 20. Wenzao 38 walikataliwa mara 5 katika majaribio 380, kama asilimia 1.3. Asilimia 3.5 uliyoiandika haimwelezi mtu yeyote kati yao: kwa walio wengi mfumo ni mzuri kuliko inavyosema, na kwa wawili hao unafeli karibu nusu ya majaribio. Ukishusha kizingiti ili kuwasaidia wawili, umewafungulia wageni milango ya wote 40. Dawa ni kuwasajili wawili hao upya kwa kidole kingine, mara nyingi cha mkono usiotumika sana au kidole gumba, na kikishindikana wapewe kadi. Andika pia idadi ya watu ambao usajili wenyewe ulishindikana. Hao hawaonekani katika FRR, kwa kuwa hawakuwahi kufika hatua ya kujaribu, na muuzaji asiye mwaminifu hupendezesha nambari zake kwa kuwaondoa kimyakimya.

Hatua ya tatu: amua kama mfumo utauliza jina kwanza

Kuna njia mbili za kuingia. Ya kwanza, mtumiaji anataja jina lake au kugusisha kadi, kisha anaweka kidole, na mfumo unakilinganisha na kiolezo chake peke yake. Ya pili, mtumiaji anaweka kidole tu, na mfumo unatafuta katika violezo vyote ni cha nani. Njia ya pili hupendwa sana kwa kuwa ina hatua moja pungufu, na ndiyo inayokuja imewashwa tayari katika mashine nyingi za mahudhurio.

Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua FAR ya 1 kati ya 10,000, ambayo si mbaya. Katika njia ya kwanza mgeni ana nafasi 1 kati ya 10,000. Katika njia ya pili kidole chake kinajaribiwa dhidi ya violezo 240, na nafasi ya kufanana na angalau kimoja ni:

```
1 - (1 - 0.0001)^240 = 0.024
```

Hiyo ni asilimia 2.4, takriban 1 kati ya 42. Wafanyakazi wakiwa wamesajili vidole viwili kila mmoja, inakaribia asilimia 4.7. Kifaa ni kilekile, kizingiti ni kilekile, ila swali lililoulizwa limebadilika.

Katika kliniki yetu kuna hatari nyingine inayonitia wasiwasi zaidi kuliko mgeni wa nje. Muuguzi halali anaweka kidole chenye mkwaruzo, pointi zake mwenyewe zinakuwa chini, na kwa bahati mbaya kiolezo cha daktari kinapata pointi zinazofika kizingiti. Mfumo unamfungulia ukurasa wa daktari. Hakuna kengele itakayolia, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa, na dawa iliyoandikwa saa hiyo itasomeka kuwa imeandikwa na daktari. Dalili ya tatizo hili ni malalamiko ya aina moja: mtu anasema kumbukumbu zinaonyesha aliingia wakati ambao hakuwa kazini. Malalamiko kama hayo yasichukuliwe kuwa ni visingizio. Linganisha saa hiyo na pointi zilizorekodiwa; zikiwa zimefika kizingiti kwa nukta chache tu, wakati mtu huyo kwa kawaida hupata nyingi zaidi, umepata chanzo.

Pendekezo langu ni moja: kwa mfumo unaofungua taarifa nyeti, tumia njia ya kwanza. Kadi ya kugusisha inaongeza sekunde moja na inarudisha uwezekano pale karatasi ya maelezo iliposema.

Hatua ya nne: weka kikomo cha majaribio na njia ya akiba

Kila jaribio la ziada linaongeza nafasi ya mgeni. Mwongozo wa utambulisho wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaweka kikomo cha majaribio 5 mfululizo yaliyoshindikana, au 10 ikiwa kisomaji kina uwezo wa kutambua vidole bandia. Baada ya hapo mfumo uchelewe au udai njia nyingine. Mwongozo huohuo hauruhusu kidole kitumike peke yake. Sharti kiambatane na kifaa ambacho mtu anakimiliki.

Njia ya akiba, ambayo kwa kawaida ni namba ya siri, ndiyo nguvu halisi ya mfumo wako. Ikiwa mtu anaweza kukwepa kidole kwa kuandika tarakimu nne, basi usalama wako ni tarakimu nne. Zaidi ya hayo, katika simu nyingi anayejua namba ya siri anaweza kusajili kidole chake mwenyewe. Waandaaji wa programu wana dawa ya hilo: ufunguo wa programu ufutike mara tu kidole kipya kinapoongezwa. Kwenye Android mpangilio huo ni `setInvalidatedByBiometricEnrollment(true)`, na kwenye vifaa vya Apple ni `biometryCurrentSet`. Mwulize aliyeandika programu yako kama ameuweka.

Hatua ya tano: elewa kwa nini alama iliyovuja haibadilishiki, na kwa nini haifichiki kama nywila

Nywila nzuri haihifadhiwi kama ilivyo. Hupitishwa katika hesabu ya njia moja, na seva hutunza matokeo tu. Siku ya kuingia, nywila iliyoandikwa hupitishwa katika hesabu ileile na matokeo mawili yakifanana, mtu anaingia. Hesabu hizo zimeundwa makusudi ili herufi moja ikibadilika, matokeo yote yabadilike. Hapo ndipo kidole kinaposhindwa, kwa kuwa tumeona kwamba hakitoi nambari zilezile mara mbili. Ukikipitisha kiolezo katika hesabu ya njia moja, mwenyewe hataingia kamwe. Mfumo unalazimika kuwa na kiolezo kinachoweza kusomeka na kulinganishwa, na hata kikiwa kimesimbwa kwenye diski, kuna wakati lazima kifunguliwe ili ulinganisho ufanyike. Mwizi aliyefika kwenye seva hiyo huenda akapata vyote viwili, violezo na ufunguo wa kuvifungulia.

Kwa muda mrefu wauzaji walisema kwamba kiolezo si picha, kwa hiyo kikiibwa hakina madhara. Dai hilo limekwisha. Mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi zinazoonyesha kwamba kutokana na orodha ile ya mikatiko na migawanyiko inawezekana kuunda upya picha ya alama, isiyolingana na ya asili kila mahali lakini inayotosha kuudanganya mfumo wa kulinganisha. Muuzaji akirudia dai hilo leo, mwambie akuonyeshe hesabu zake.

Kisha kuna mwili. Nywila ikivuja unaweka nyingine na ile ya zamani inakuwa takataka. Vidole ni kumi, mistari yake hukamilika kabla ya kuzaliwa, na jeraha dogo likipona mistari hurudi ilivyokuwa. Mwezi Septemba 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia watumishi wa umma, OPM, ilitangaza kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilikuwa zimeibwa, baada ya awali kusema ni milioni 1.1. Serikali ilieleza kwamba uwezo wa kuzitumia vibaya wakati huo ulikuwa mdogo, ikakiri kwamba hali inaweza kubadilika teknolojia ikikua. Ungamo hilo lina uzito wake: aliyeiba faili hana haraka, kwa sababu kitu alichoiba hakichakai.

Lakini tusitie chumvi. Kidole hakijawahi kuwa siri. Tunaacha alama zake kwenye kila glasi. Mwaka 2013, siku chache baada ya simu ya kwanza yenye Touch ID kutoka, klabu ya Ujerumani iitwayo Chaos Computer Club ilionyesha kwamba picha ya alama iliyoachwa kwenye kioo inatosha kutengeneza kidole bandia kinachofungua simu. Mwaka uliofuata mwanachama wake, Jan Krissler, alieleza hadharani jinsi alivyopata alama ya waziri wa ulinzi wa Ujerumani kutokana na picha za kawaida za kamera. Kinachobadilika faili ikivuja ni umbali na wingi. Anayetaka glasi yako lazima akukaribie, na atapata ya mtu mmoja. Aliye na faili anazo za wafanyakazi wote 240 akiwa popote alipo.

Hapa FAR haikusaidii, kwani hupimwa kwa watu wanaoweka vidole vyao wenyewe bila hila. Kipimo cha hila ni kingine: ni mara ngapi kidole bandia kinakubaliwa. Kwa daraja la juu kabisa la usalama, Android huruhusu hadi asilimia 7 ya majaribio ya bandia yapite. Soma nambari hizi mbili kwa pamoja: asilimia 0.002 kwa mgeni wa kawaida, hadi asilimia 7 kwa aliyejiandaa. Ukinunua kisomaji, omba waziwazi ripoti ya kipimo cha pili, maana bila kuulizwa haitaletwa.

Hatua ya sita: hakikisha kiolezo kinakaa wapi

Mpangilio bora ni ule ambao kidole hakitoki kwenye kifaa cha mtu. Kidole kinafungua ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu au kadi, ufunguo unatia saini ombi la kuingia, na seva ina ufunguo wa wazi tu wa kuhakiki saini. Seva ikiibiwa, mwizi hapati cha kumwezesha kuingia wala alama ya mtu. Kifaa kikipotea, unafuta ufunguo wa wazi kwenye seva na kusajili kifaa kipya kwa kidole kilekile. Kinachobadilishwa ni ufunguo, kwa hiyo ugumu wa kubadilisha kidole haukuzuii. Funguo za siri za kuingilia kwenye tovuti zinazofuata kanuni za kuingia bila nywila ziitwazo WebAuthn hufanya kazi hivi.

Usitosheke na maneno ya mkataba. Kuna jaribio la dakika tano. Sajili kidole chako kwenye kompyuta moja. Nenda kwenye kompyuta nyingine, chumba kingine, ambayo hujawahi kuigusa, na uweke kidole. Ikikutambua bila kadi wala simu yako, kiolezo chako kimesafiri kupitia mtandao na kimehifadhiwa mahali pa pamoja, hata kama fundi anaapa vinginevyo.

Katika kliniki yetu kompyuta ni za pamoja, kwa hiyo kila mfanyakazi apewe kadi yenye kiolezo chake ndani, na kadi ndiyo ifanye ulinganisho. Pale ambapo kanzidata ya pamoja haiepukiki, futa picha mara kiolezo kinapotengenezwa, na tenga ufunguo wa kusimba na seva yenye violezo. Kuna pia violezo vinavyogeuzwa kwa nambari inayobadilishika kabla ya kuhifadhiwa, wazo lililotolewa na watafiti wa IBM mwaka 2001: vikivuja, nambari inabadilishwa na vipya vinatengenezwa. Wazo ni zuri, ila mara nyingi hupandisha makosa, na halimzuii aliyepata picha yenyewe ya kidole kutengeneza bandia.

Hatua ya saba: alama zikivuja

Kwanza tambua kilichotoka: picha, violezo, au kumbukumbu za kuingia tu. Picha ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinatumika kwenye mfumo wowote duniani. Violezo vya muundo wa viwango vya kimataifa vinafuata kwa karibu, maana mfumo mwingine unaweza kuvisoma. Violezo vya muundo wa kampuni moja vina hatari ndogo zaidi, lakini si sifuri.

Pili, ziba njia ya mtandao kabla ya kuwaza vidole bandia vya gundi. Mshambuliaji mvivu hatatengeneza kidole. Atatuma kiolezo kilichoibwa moja kwa moja kwa seva, akijifanya kisomaji. Mifumo mingi ya bei rahisi haihakiki kwamba data imetoka kwenye kisomaji kilichosajiliwa. Zima kila mlango wa programu unaopokea kiolezo kutoka nje, badilisha funguo za visomaji, na chunguza kumbukumbu za kuingia: pointi kamilifu, au pointi zilezile hadi tarakimu ya mwisho katika kuingia kuwili tofauti, ni dalili ya kiolezo kilichorudiwa, kwa kuwa kidole hai hakifanyi hivyo.

Tatu, anza siku hiyohiyo kudai kadi au namba ya siri ndefu pamoja na kidole. Kubadili kidole kunasaidia tu ikiwa kile kipya hakikuwa kwenye faili iliyovuja. Kliniki iliyosajili vidole vyote kumi "kwa tahadhari" imejinyima nafasi hiyo. Sajili viwili, basi.

Nne, waambie wahusika ni vidole gani vilivuja, kwa majina, mkono na kidole, ili aliyetumia kidole gumba cha kulia kufungulia simu na akaunti ya fedha ajue la kufanya. Tangazo linalosema tu kwamba "baadhi ya taarifa za kibayometriki ziliathirika" halimsaidii mtu yeyote. Wapelekee taarifa hiyo pia walioacha kazi. Hao ndio husahaulika, na violezo vyao mara nyingi vingali ndani ya kanzidata na ndani ya nakala rudufu za miaka iliyopita, ambazo nazo lazima zifutwe au zisimbwe upya kabla mfumo haujawashwa tena.